Tundu Lililochanika

Mashindano ya Nyeri yalikuwa nafasi yangu ya mwisho kuingia timu ya bunduki ya upepo, na kocha Mutuku akaniletea risasi za kichwa cha mviringo.

"Za bapa zimeisha dukani, Adhis. Hizi ni nzuri kuliko zile za ncha. Panya wa mbali hakuponyoki."

"Kocha, mimi sishindani na panya. Bapa hukata tundu safi. Hizi zinachana karatasi ya shabaha."

Siku ya mashindano, kwa risasi ya mwisho nilihitaji alama kumi. Mwamuzi Wachuka akainamia karatasi na lenzi yake, akakawia.

"Pole, dada. Pengine iligusa mstari wa kumi, lakini hapa pamechanika, sioni. Tisa."

Mutuku akanyoosha mkono anishike bega. Nikamwekea kopo la risasi kiganjani.

"Wapelekee panya wako."