Nyusi za Mwalimu

Karatasi zote zilisema jambo moja, na hilo ndilo lililomkosesha raha mwalimu wa maadili. Swali lilikuwa hili: rafiki yako amenakili kwenye mtihani, maana wiki nzima alikuwa akimuuguza mama yake. Utamtaja? Darasa zima: nitamtaja. Hata Kidomo, binti asiyekubali kitu mpaka akigeuze chini juu!

Usiku huo nyumbani, alisimama, akaketi, akasimama tena. Mtoto wake aliyembeba mgongoni akanung'unika.

"Si ndivyo unavyoamini?" mumewe aliuliza huku akimenya viazi. "Wamekuelewa. Furahi basi, mama watoto."

"Wamenielewa mimi. Swali hawajaligusa."

Asubuhi alimvuta Kidomo kando. "Mwanangu, ulichoandika unakiamini?"

Kidomo akacheka kwa aibu. "Mwalimu, sisi tunasoma nyusi zako. Mtu akisema nitamtaja, zinapanda juu. Akisema nitamficha, unasema 'haya, mwingine.' Nani anataka alama za 'haya, mwingine'?"

Yalimchoma. Kama hata huyu ameshajifunza kumeza mawazo yake, basi somo lake linafundisha nini? Aliingia darasani, akapita moja kwa moja hadi kiti cha nyuma kabisa, akaketi.

"Tazameni mbele," alisema. "Leo humpingi mwenzako kabla hujaeleza hoja yake mpaka mwenyewe akubali kuwa ndiyo hiyo. Na ninasahihisha sababu, sisahihishi upande."

Viti vikalia. Hatimaye Kidomo: "Mimi simtaji. Namwambia aende mwenyewe, nami namsindikiza."

"Yaani urafiki unaizidi haki?" alidakia jirani yake.

"Sijasema hivyo. Rudia."

"Unasema... tusimtaje, tumwonee huruma."

"Wee! Rudia."

"Unasema akijitaja mwenyewe, haki inapatikana na heshima yake inabaki."

"Hapo sawa. Haya, nipinge."

"Na akikataa kwenda? Sisi tuliosoma kwa jasho je?"

Kidomo akajikuna kichwa.

"Anayemtaja rafiki ni msaliti, apigwe tu!" sauti ya mwanafunzi ikatoka kando ya dirisha.

Mwalimu aliinuka. "Hapana. Kumpiga mtu kwa maoni yake ni kosa, na hapo sijifanyi sina upande. Ukimpiga hujamjibu, umemnyamazisha tu. Endeleeni."

Mjadala ulipokwisha, waliandika majibu yao upya. Kidomo akageuka nyuma, na wenzake pia. "Na wewe, mwalimu, ungefanyaje?"

"Wekeni kalamu chini kwanza." Zilipolala zote, akavuta pumzi. "Mimi ningemtaja. Waliosoma kwa jasho nao wana haki yao. Lakini hoja yangu ina tundu: ningekutana na yule mama mgonjwa, sijui ningemtazamaje. Hayo ni yangu. Yapimeni kama mnavyopima ya wenzenu."

Kidomo aliyapima. Mwalimu alijikuta akiomba moyoni, asijue anaomba nini.

"Tundu lako kubwa, mwalimu. Mimi bado simtaji."

Nyusi zikataka kwenda mahali, juu au chini, hakujua. Akazifunika haraka kwa kiganja. Darasa likaangua kicheko.

"Sababu?" aliuliza, kiganja bado usoni.