Kinachobaki Chupani

Mwalimu Lusajo alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ukimwuliza saa ngapi, naye anakuuliza jua liko wapi. Serikali ilimleta kwetu Kagerankanda kutoka Tukuyu, akapewa darasa la kwanza kwa sababu sisi walimu wa zamani tulikuwa tunalikimbia. Mimi, Ernesta, nilikuwa na darasa la pili, na kati yetu palikuwa na ukuta ambao mafundi waliuachia njiani, usawa wa kichwa changu. Kila alichofundisha tulikisikia, tutake tusitake.

Asubuhi ya somo la mvua nilijua mapema kwamba leo sitafundisha kitu. Lusajo alipita dirishani kwangu amekumbatia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ambayo Khatibu wa dukani huwekea peremende. Nyuma yake alikuja Nesi Zena wa zahanati, mkononi ana kifuko cha barafu kutoka jokofu la chanjo.

"Kikimaliza kazi kinarudi," Zena alimwambia. "Na kisiguswe na mtoto mwenye kamasi."

"Kwani nani kati yao hana kamasi?" Lusajo akauliza.

Niliwaachia wanangu kazi ya kuandika, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Alimimina kwanza maji ya uvuguvugu, akaizungusha chupa ili kioo kisishtuke kikapasuka, kisha akamimina ya moto kutoka kwenye birika la ofisini, kiasi cha robo. Akafunika mdomo kwa sahani ya bati, kavu, na juu ya sahani akalaza kile kifuko. Watoto wa miaka sita wakaizunguka meza, wamebanana hadi wengine wakapanda migongo ya wenzao. Yusta alikuwa mbele kabisa, kidevu juu ya meza.

Lazima niseme habari za Yusta hapa. Mwezi wa pili mwaka huo, 2014, Mto Malagarasi ulifurika. Baba yake, Stanislaus, alikuwa anavuka kutoka shambani na wenzake wawili, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliogelea wakatoka. Yeye hakuonekana. Watu walimtafuta ukingoni mpaka wakachoka, wakarudi na kafi tu. Ukoo ukazika mgomba badala ya mwili, matanga yakaanuliwa, na wazee wakaamua kwamba mtoto asilisikie neno kufa. Bibi yake akamwambia, "Baba yako yuko majini. Atarudi." Mama yake, Immakulata, alinyamaza, kwa sababu mkwe ni mkwe. Mimi niliwaona wazee wale wamekosa akili, na bado nawaona hivyo. Lakini nani aliniuliza?

Basi, chupani mvuke ulipanda, kioo kikaingia ukungu. Baada ya muda Lusajo akainua sahani kidogo, akaigeuza. Chini yake palikuwa na matone.

"Yametoka wapi?"

"Sahani inavuja!" akapiga kelele mmoja.

"Tobo liko wapi? Na kifuko kimefungwa, au hakijafungwa?"

Walitafuta tobo, hawakuliona. Mwingine akasema sahani imetoka jasho. Lusajo hakumcheka. Alirudisha sahani, wakasubiri tena, matone yakanenepa, yakaungana, moja likadondoka ndani ya maji. Darasa zima likapiga makofi, na ng'ambo ya ukuta darasa langu nalo likapiga, bila kujua linampigia nani.

Akawapeleka kidogo kidogo kwa maswali. Dimbwi la uwanjani hukauka, maji yake huenda wapi? Nani anayachemsha? Hakuna? Basi jua linatosha, hata bila kuchemka. Huko juu kuna joto au baridi? Waliokwenda mlimani alfajiri, mlisikiaje? Kwa hiyo chupa ni nini kwetu? Wakasema ni mto, ni dimbwi. Na sahani yenye barafu? Ni huko juu kwenye baridi, kunakofanyika wingu. Niliona wivu, kusema kweli. Mimi wangu wa darasa la pili walikuwa wanakariri tu.

Kisha, ili somo liwakae, akachukua mfano wa karibu.

"Maji ya Malagarasi yanapanda, hatuyaoni. Juu yanapoa, yanakuwa wingu. Wingu linakuja hapa kijijini, mvua inanyesha juu ya bati la kina nani? La kina Yusta. Yusta anakinga ndoo. Halafu anafanya nini?"

"Anakunywa!" darasa likajibu.

 Niliona Yusta alivyoinua kidevu kutoka mezani, nikadhani mtoto ameelewa somo.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, Immakulata aliingia ofisini amembeba Yusta mgongoni kama kichanga. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka hadi imepasuka, macho yameingia ndani.

"Shikamooni, walimu. Leo siku ya tatu mtoto hanywi maji," alisema. "Uji hataki. Ugali hataki, anasema una maji. Anakula ndizi mbivu na muhogo wa kuchoma tu, na leo hata hivyo hataki. Mvua ikinyesha anatega masufuria uani, kisha anayaficha chini ya kitanda, ukiyagusa analia. Nimempiga, sifichi. Nesi Zena amesema asipokunywa leo nimpeleke hospitali Kasulu akatundikiwe dripu. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia, 'Muulize mwalimu.'"

Lusajo aliacha chai yake. Akachuchumaa mbele ya Yusta.

"Unaogopa maji?"

Akatikisa kichwa.

"Yana ladha mbaya?"

"Hapana."

"Yana nini?"

"Yana data," alisema Yusta. Data ni baba kwa Kiha, na Lusajo kwa kukaa kwetu alishalijua neno hilo. "Bibi alisema data yuko majini. Wewe ulisema maji ya Malagarasi yanapanda, halafu yananyesha kwetu. Nikimnywa, ataisha."

 Mwalimu mkuu alitoka nje akisingizia kengele. Immakulata alikaa chini sakafuni, palepale, bila kutafuta kiti. Mimi nilimchukia Lusajo na chupa yake, kisha nikamchukia yule bibi, kisha sikujua tena nimchukie nani.

"Mwambie tu anywe," nilimnong'oneza Lusajo. "Mwambie ulikosea."

"Sikukosea, Madamu," alisema. "Maji yanapanda kweli."

Akaileta ile chupa. Barafu hakukuwa na muda wa kuifuata, akajaza sahani maji ya kisima, maana siku ile ilikuwa na baridi. Akamwomba Yusta achote udongo pale nje ya mlango. Udongo wetu ni mwekundu, mtoto akarudi viganja vyake vimekuwa kama amechinja kuku. Akautia chupani, maji ya moto yakafuata, yakawa yale yale ya Malagarasi wakati wa masika.

Safari hii matone yalichelewa.  Kengele ililia, wala hatukwenda madarasani. Hatimaye Lusajo akainua sahani.

"Matone yana rangi gani?"

Yusta alitazama kwa karibu. "Meupe."

"Si mekundu?"

"Meupe."

"Udongo uko wapi?"

"Chini."

"Mbona haukupanda?"

Akafikiri. "Hauwezi."

"Hauwezi. Yanapanda maji peke yake. Kilichomo ndani yake kinabaki."

Lakini Yusta hakuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Alichuma jani la muhogo uliokuwa nje ya dirisha, akalitumbukiza. Likabaki. Akang'oa kitufe cha sare yake kilichokuwa kinaning'inia, akakitumbukiza. Kikazama kwenye udongo. Akasubiri mpaka matone mengine yakatokea chini ya sahani, akayagusa kwa kidole, akakikagua kidole.

"Jani halipandi."

"Halipandi."

"Kitufe hakipandi."

"Hakipandi."

"Na data?"

 Yule bwana wa maswali hakuwa nalo hata moja. Nilimwona anamtazama mama wa mtoto, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia nyumba ya watu. Immakulata alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Hakumkataza wala hakumruhusu.

"Na yeye hapandi," Lusajo akasema. "Mvua haina baba yako, Yusta. Ni maji matupu. Huwezi kummaliza kwa kunywa."

"Kwa hiyo yuko chini."

"Ndiyo."

"Chini ya mto."

"Ndiyo."

Nilimimina maji kwenye kikombe changu, nikampa. Yusta alikipokea kwa mikono miwili. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Akanywa kidogo, akasubiri. Akanywa tena. Kisha mwili ukamshinda, akayagugumia mpaka yakamchuruzika shingoni, akataka mengine, nikamwongezea.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilisema moyoni, mtoto amepona. Hata Lusajo alikuwa ameanza kukusanya sahani yake.

Yusta akafuta mdomo, akamgeukia mama yake pale sakafuni.

"Mama, huko chini data anasikia baridi?"

Immakulata alishusha khanga. Alimvuta mtoto, akampakata. Nilidhani atasema yale ya wazee, na safari hii nisingemlaumu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hasikii baridi. Amekufa. Aliyekufa hasikii kitu."

"Na mimi nikimwita, hasikii?"

"Hasikii."

Yusta alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi. Alikirudisha mezani polepole.

"Mimi nilikuwa namwita kila siku, pale kwenye masufuria," alisema. "Nilidhani amenikasirikia."