Moto Uko Chini ya Sufuria

Kijana huyu alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na kwa pasi hakuwa na mpinzani. Hariri, sufu, pamba, kila kitambaa alikijulia moto wake. Jikoni kwao, hata hivyo, alikuwa mgeni. Mama yake alimfukuza humo tangu utotoni: "Toka, utanivunjia vyombo!" Akatoka, akakua, akaota ndevu, na sahani ikawa inamfuata sebuleni kama mfalme asiye na nchi.

Sasa mama alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini, na asubuhi hiyo alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alikataza asiiname, asibebe, asisimame jikoni. Shangazi, dada wa marehemu baba, alishaamua: wifi yake angekwenda kukaa kwake, safari ya siku nzima kwa basi, hadi apone kabisa. Mama hakutaka. Alitaka kitanda chake na dirisha lake. Kijana naye akajitia kimbelembele mbele ya wodi nzima:

"Nitampikia mimi."

Shangazi alicheka hadi muuguzi akageuka. "Wewe? Haya. Tukifika nikute chakula mezani. Nisipokikuta, nafunga nguo zake na tunaondoka leo hii."

Ndivyo alivyojikuta peke yake mbele ya jiko la gesi, kikombe cha mchele mkononi, roho juu. Mboga hazikumpa taabu, kwa sababu jirani alikuwa ameleta bakuli la maharage. Kilichobaki ni wali tu. Na wali, alijiambia, ni mchele na maji, kuna nini hapo?

Aliosha mchele vizuri. Akabandika sufuria ya maji, akatia chumvi na mafuta kidogo, akawasha kiberiti na kuzungusha swichi hadi mwisho ili moto uwe mkubwa. Picha za moto mkubwa na mdogo kando ya swichi zilikuwa zimefutika siku nyingi kwa kusuguliwa na mama, lakini nani anahitaji picha? Pasi ya dukani ukiizungusha zaidi inapata moto zaidi. Mwisho ni mwisho.

Maji yaligoma. Yalikaa kimya, yakatoa viputo vidogo pembeni, yakatulia tena. Akailaumu gesi kwamba inaisha. Akamlaumu muuza gesi. Subira ilipomtoka akamwaga mchele humo humo kabla maji hayajachemka, akafunika. Kisha akakumbuka kwamba mama hupunguza moto akishafunika. Basi akarudisha swichi nyuma, nusu ya njia, akaenda kukunjua kitanda cha mgonjwa.

Kifuniko kilianza kugonga. Povu likafurika, likamwagikia jiko, likachachatika. Alirudi mbio akainua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, akakirudisha. Baada ya muda kelele zikaisha. Yeye akadhani wali umetulia. Kumbe maji ndiyo yaliyokwisha.

Harufu ilimfuata chumbani. Alipofunua aliduwaa. Juu, punje zilikuwa ngumu, zinang'aa, akiitafuna moja inalia kama changarawe. Katikati bokoboko. Chini, alipochokora kwa mwiko, palikuwa peusi kama lami. Sufuria moja, na ndani yake wali mbichi na ulioungua kwa pamoja! Iliwezekanaje? Kwa kuchanganyikiwa akamimina kikombe cha maji baridi, akakoroga kwa nguvu zote. Sufuria ikafoka, moshi ukapanda hadi darini, na vipande vyeusi vilivyokuwa vimelala chini kwa amani vikapanda juu na kusambaa kila mahali. Ladha ya moshi ikaingia hata pale palipokuwa salama.

Mlango ukafunguliwa.

Mama aliingia ameegemea bega la shangazi, akavuta pumzi moja, akakohoa. Kikohozi kile kilimkunja. Alishika tumbo kwa mikono miwili, macho yakamtoka kwa maumivu ya mshono. Kijana alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa ametaka kumtunza mama yake, naye karibu amfungue nyuzi.

"Nguo zake ziko wapi?" aliuliza shangazi.

"Shangazi, nakuomba. Mara moja tu nyingine."

"Uchome nyumba nzima?"

"Wifi," mama alisema kwa sauti ya chini, akikalishwa kwenye kiti mlangoni, "mwache ajaribu. Mchele upo."

"Sawa. Sufuria moja. Na wewe wifi usifumbue mdomo, nisije nikasikia unampikia kwa maneno."

Kijana akafungua madirisha. Akaiweka kando ile sufuria nyembamba, akachukua nyingine ya chuma kizito, akabandika maji, akawasha, akazungusha swichi hadi mwisho. Yakagoma vilevile. Aliikodolea macho swichi. Mama aliuma mdomo wa chini, akatazama sakafu.

Ndipo alipoinama, kwa mara ya kwanza siku ile, akachungulia chini ya sufuria.

Moto ulikuwa kidoti. Ulimi mdogo wa buluu, unatetemeka. Akarudisha swichi nyuma nusu, na moto ukaruka, ukalamba sufuria hadi mbavuni. Akasogeza mbele, ukanywea. Nyuma, ukaruka. Alihisi nywele zinamsimama. Jiko hili lilikwenda kinyume cha pasi: moto mkubwa unakuja kwanza, mdogo uko mwisho kabisa. Alipotaka kuchemsha alikuwa amepasha tu, na alipotaka kupunguza aliuwasha mkaa wa jehanamu chini ya wali. Dukani hakuna pasi aliyoiamini kwa swichi. Kila moja aliipima kwanza kwa tone la maji. Hapa aliamini tu.

"Mungu wangu," alisema, "sikutazama moto!"

Shangazi, aliyekuwa akitingisha mguu kwa kukosa subira, akauacha ukatulia.

Sasa aliuacha moto mkubwa hadi maji yakatokota. Akatia mchele, akakoroga mara moja usishikane, akauacha wazi. Alitazama maji yakishuka hadi yakalingana na mchele, na juu yake vikafunguka vitundu vinavyopumua. Hapo akasogeza swichi hadi mwisho, akainama kuhakikisha: kidoti cha buluu. Akafunika kwa kifuniko kinachobana. Mkono ulimwasha kufunua, akaufunga nyuma ya mgongo. Akasikiliza tu. Mchemko ukawa mnong'ono, mnong'ono ukafifia, na kabla harufu haijageuka akazima, akauacha umalizie kuiva kwa mvuke wake wenyewe.

Alipofunua, punje zilikuwa zimesimama, kila moja na nafasi yake. Hakuamini. Aliunusa wali, akaunusa tena.

Alimpakulia mama kwanza. Kisha akaweka sahani mbele ya shangazi, na maji ya kunawa, akasimama kando kama mshitakiwa.

Shangazi alitia tonge mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Machozi yakamtiririka, tena mengi, wala hakuyafuta.

"Wali umeungua?" kijana aliuliza.

"Haukuungua." Shangazi alimtazama kijana. "Nina vijana watatu kwangu, wakubwa kuliko wewe. Mwaka jana nililala na homa wiki nzima. Walikuwa wanakuja mlangoni kuniuliza, mama, leo tunakula nini?"

Mama aliweka kijiko chini.

"Na mimi ndiye niliyewafukuza jikoni," shangazi alisema. "Wifi, wewe utabaki hapa. Ningekupeleka kwangu, na siku nikiugua nani angekupikia?"

Akasukuma sahani yake mbele, akamwambia kijana amwongeze.