Kesi ya Mama Asiyejibu

Mama Kahambu alikuwa na silaha moja tu, kunyamaza, na kwa silaha hiyo alikuwa hajashindwa hata siku moja. Wakwe walipokuja kumgombeza baada ya kifo cha mumewe Kambere, aliwatazama tu mpaka wakachoka, wakaondoka. Jirani yake Athanasie alipotamka neno la ovyo kwenye matanga yake, Kahambu aliacha kumsemesha. Mwaka wa nne huo, na ukuta ulikuwa mmoja.

Basi mjumbe wa tribinali, yaani mahakama, yule anayeitwa huissier, alipomletea wito mkononi, Kahambu aliuweka juu ya gunia la maharagwe akaendelea kuuza. Zihindula, mfanyabiashara wa hapo Goma, alimshtaki akitaka ahame. Alidai Kambere alimwuzia parsele, kiwanja chenyewe, na nyumba iliyo juu yake.

"Nikienda, nitakuwa nimekubali kama kuna kesi," Kahambu alimwambia mteja. "Aseme peke yake mpaka achoke."

Zihindula alisema peke yake kweli, ila hakuchoka. Siku ya kusikilizwa jina la Kahambu liliitwa, kimya. Majaji walihakikisha kwamba wito ulimfikia, wakatazama karatasi za Zihindula, wakamsikiliza shahidi wake. Hakuna aliyekuwepo kuwaambia kwamba Kambere aliacha mke ndani ya nyumba ile. Wakatoa hukumu bila yeye: ahame.

Wakati huo Kahambu alikuwa Butembo akitafuta maharagwe. Vita vilizuka Rumangabo, barabara ya kurudi Goma ikafungwa, watu wa Kibumba wakakimbilia Munigi na magodoro vichwani. Alikaa Butembo miezi. Aliporudi hakuona cha ajabu, mpaka asubuhi moja huissier akaja kumwambia afungashe: karatasi ya hukumu ilishaachwa kwa jirani zamani, na sasa siku ya kumtoa imekaribia.

Watoto wake watatu na wadogo zake waliokimbia Masisi, wote walilala chini ya bati lile. Siku hiyohiyo alikwenda kwa wakili, Maître Valérie, mwanamke mfupi asiyependa kubembeleza mtu.

"Ile ya kwanza ulipokea mukononi, ukanyamaza. Hapo kosa ni yako, mama," Valérie alisema. "Lakini mulango haijafungwa. Tunafanya opposition, kesi inaanza upya mbele ya majaji wale wale, na hawawezi kukufukuza kabla ya kuisikia. Tuko na siku kumi na tano tangu ulipojua hukumu. Na ukikosa kuja tena, hakuna opposition ya pili. Umesikia?"

"Nimesikia, Maître."

"Zihindula atasema ulijua tangu zamani. Nani alipokea ile karatasi?"

Kahambu akalitaja jina alilopewa na huissier. "Athanasie."

Opposition iliandikwa kwa karani kesho yake. Hilo lilikuwa jepesi. Kubisha mlango wa Athanasie ndiko kulikomtoa jasho. Alizunguka nyumba mara mbili kama mwizi. Athanasie alifungua, akashika kiuno, akangoja. Hakumsaidia hata kidogo.

"Mama Athanasie," Kahambu akasema hatimaye, "niko na shida. Wanataka kunitoa ndani ya nyumba. Njoo unisemee kule tribinali, useme ile karatasi haikunifikia."

Athanasie alifunga mlango bila jibu. Kahambu akajua sasa jinsi dawa yake ilivyo chungu.

Lakini siku ya kesi Athanasie alikuwepo, amevaa kitenge cha misa. Alipomaliza kueleza kwamba karatasi ilibaki kwake, wakili wa Zihindula alisimama akitabasamu.

"Mama, wewe ni rafiki yake. Unamudanganyia."

"Rafiki?" Athanasie aligeuka mzima mzima. "Miaka mine huyu hanisalimie! Huissier aliniachia karatasi, nikaificha chini ya matela ya kitanda, nikasema atasema bonjour kwanza ndiyo nimupatie. Naye akakaza shingo. Hakuijua, ni mimi nilimufichia. Kama ningependa wamufukuze, leo ningebakia kwangu, ninyamaze."

Watu waliangua kicheko, hata karani. Majaji walinong'onezana, wakakubali kwamba opposition imekuja kwa wakati wake. Kisha rais wao, jaji aliyeongoza kesi, akamgeukia Kahambu.

"Mama, ile parsele ilikuwa yenu na bwana wako. Hangeweza kuiuzisha bila wewe kuitika na kukubali. Uliitika?"

Karatasi za parsele, zenye majina yao wote wawili, zilikuwa mezani. Kahambu alisimama.

"Hapana," akasema, na sauti yake ikafika mpaka uani.

Majuma yalipita kabla hukumu mpya haijasomwa: ile ya kwanza imefutwa, madai ya Zihindula yamekataliwa. Kahambu alilia waziwazi, kwa furaha na kwa aibu pia, maana neno hilo moja angeweza kulisema tangu siku ya kwanza. Athanasie alimsogelea akampa leso.

"Liya," alisema. "Lakini ukimaliza, tuongee ya matanga. Nilikukosea, na hukunipatia hata siku moja ya kukuomba pole."