Jina Langu Juu ya Pasi

Katika duka langu la Majengo, pasi haikutoka mpaka ipate moto mbele ya mnunuzi. Umeme ukikosekana, mtu alirudi kesho, apende asipende. Walinicheka, lakini walirudi. Nalikumbuka lile duka mpaka roho inauma. Siku hizi mtu ananunua kwa kidole, eti maendeleo!

Binti yangu Wivine ana soko la mtandaoni hapa Goma. Yeye mwenyewe hauzi kitu. Wauzaji wanaweka bidhaa zao, naye anapata kamisheni. Kwa kunienzi alibuni alama ya kijani: "Imejaribiwa na Papa Josias." Muuzaji akiongeza pesa kidogo, anabandikiwa. Sikuwahi kujaribu hata kimoja. Lakini kila asubuhi nilifungua simu kutafuta jina langu, nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Kisha muuzaji mmoja, Habineza, akauza pasi bandia yenye nembo ya kampuni kubwa, tangazo lake limebandikwa ile alama. Ilimlipukia fundi cherehani anayeitwa Marcelline, ikamuunguza mkono wa kulia. Habineza akazima simu, akapotea. Marcelline akamdai Wivine fidia.

Wakili wetu, Maître Gisubizo, alituita ofisini kabla ya kikao cha maelewano.

"Mutu mwenye kutunza tu matangazo ya wengine, sheria haimuangukie mpaka ajue ubaya na anyamaze," alisema. "Wivine alitosha tangazo, akaifuta saa ileile walimuambia. Pale tuko bien, hatuna shida. Mambo iko kwa ile alama. Haiko maneno ya Habineza, iko ya Wivine. Tribunal itasema ni yeye alimuhakikishia mununuzi."

Akanisogezea karatasi. Ilisema jina langu lilikuwa pambo la biashara tu, na kila mnunuzi analielewa hivyo.

"Papa, tia signature," Wivine alisema. "Kama hapana, kazi yangu inakufa."

Niliomba nipumue kwanza. Nje, kwenye benchi, mwanamke mwenye bandeji mpaka kwenye kiwiko alikuwa akimngoja wakili wake. Nilimsalimu, nikajitaja. Akasimama kwa heshima, mimi nikitamani ardhi inimeze.

"Papa Josias wa Majengo? Mama yangu alinunuaka pasi kwako, ikafanya miaka makumi mbili. Vile niliona jina yako, sikuuliza tena kitu."

Nilirudi ndani, karatasi nikairudisha kwa wakili bila sahihi.

"Andika hivi: nilijua ile alama, na sikujaribu kitu."

Maître Gisubizo alivua miwani. "Basi tukubali kulipa matibabu yake na kazi yenye amepoteza. Habineza tutamufuata kisha."

Wivine alikuwa analia.

"Papa, ulikuwa unaiona? Siku zote? Juu ya nini haukunikataza?"

"Nilikuwa naiona, mutoto wangu," nilimjibu. "Ilikuwa inanifurahisha."