Nusu Saa ya Latifa

Latifa aliitupa karatasi ya mushahara wake kwenye meza ya karani. Toka depo alikuwa ametuma ujumbe wa masaa ya ziada: "masaa mawili dakika thelathini." Dieumerci, yule karani, alikuwa ameondoa maneno, akaandika masaa 2,30.

"Njo ulivyoandika, mama."

"Dakika zinagawiwa kwa sitini! Ni 2,5! Wakati wa vita baba yangu, karani wa ofisi hii, alipiga hesabu hii kwa kalamu, humu humu, bunduki zikilia. Wewe uko na kompyuta!"

"Tofauti ni kidogo."

Latifa alimunyang'anya orodha ya masaa ya ziada ya wote. Soudi, mukubwa wa depo, alikuwa ametuma "masaa mawili dakika tano." Pembeni yake kulikuwa na 2,5.

"Nusu saa yangu njo hii," akafoka. "Umemupa mukubwa kwa dakika tano zake!"