Stakabadhi za Mzee Linus

Barua ya Edina ilifika ofisi yetu ya Ruangwa kwa gari la mradi, Septemba 2009. Edina alikuwa mhasibu wetu, akikaa Nachingwea. Mpaka wakati huo stakabadhi zetu zilikuwa zikipelekwa kwake mwisho wa mwezi ndani ya bahasha, na nyingine zilipotelea njiani. Sasa alitaka tuzipige picha kwa kamera ya ofisi na kuzituma kwa barua pepe kabla ya tarehe ishirini na tano.

Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu: piga picha mchana, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya kamera, stakabadhi moja picha moja, pembe zote nne zionekane, tarehe, jina la muuzaji, kiasi na mhuri visomeke. Ukurasa wa pili niliukunja nikauweka kwenye faili. Nilikuwa na haraka.

Dereva wetu, Mzee Linus, alikuwa ametoka vijiji vya Mandawa na Nandagala kusambaza mbegu za ufuta. Alikuja mezani kwangu jioni na stakabadhi tano: mbili za mafuta, moja ya magunia, moja ya kuziba pancha na moja ya wapakiaji. Jumla yake ilikuwa shilingi laki moja na themanini na sita elfu, alizozitumia kutoka kwenye masurufu, fedha za safari alizokabidhiwa.

"Mwanangu Dionisia, mimi hii mashine siijui," alisema. "Nisaidie. Karatasi zenyewe nije kuzichukua kesho?"

"Niachie tu, mzee. Picha ikishaenda, karatasi haina kazi tena."

Nilizipanga zote tano mezani, giza limeshaingia, nikapiga picha moja kwa taa ya kamera. Nikaituma, nikaifuta, na karatasi nikazitupa kwenye kapu. Ijumaa takataka zilichomwa kama kawaida.

Wiki iliyofuata Edina akajibu: picha imeng'aa, kiasi hakisomeki, piga upya au lete stakabadhi halisi. Ndipo nilipoufungua ukurasa wa pili. *Stakabadhi halisi zitunzwe kwenye bahasha mpaka nitakapozikagua. Picha haichukui nafasi yake.*

Mzee Linus alipoitwa kwenye simu, alimwambia Edina kwamba karatasi alinipa mimi. Kisha akanigeukia, na simu bado iko sikioni kwake.

"Si nilikuachia wewe, mwanangu?"

"Nilikurudishia, mzee," nikasema. "Asubuhi yake. Umesahau."

Alinitazama kidogo, kisha akaiambia simu, "Basi huenda nimesahau mimi."

Alizitafuta siku tatu. Aliinua viti vya gari na kukung'uta mazulia. Mkewe alitoa nguo zote sandukuni. Mwisho wa Oktoba, kwa kuwa masurufu yale hayakuwa na stakabadhi, mshahara wake ulikatwa. Siku ile alikuja mezani kwangu.

"Usinichukie kwa kukutaja," alisema. "Umri huu kichwa kinapotea."

Siku ya tatu nikapanda gari la abiria kwenda Nachingwea, nikamweleza Edina yote, pamoja na ule uongo.

"Wauzaji wa mafuta na magunia wana vitabu vyenye nakala," akasema Edina. "Nenda wakupe kivuli cha nakala, wakisaini na kupiga mhuri. Nikizipata, nitamrudishia fedha zake. Meneja nitamwandikia barua. Lakini Mzee Linus utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii."

Nilizipata za mafuta zote mbili na ya magunia: laki moja na hamsini na nane elfu. Fundi pancha na wapakiaji hawakuwa na kitabu. Zile elfu ishirini na nane zilizobaki Edina alizihamishia kwangu kama deni, zikakatwa kwenye mshahara wangu.

Mzee Linus nilimkuta anaosha gari. Nilimwambia nimesimama, maana sikuthubutu kukaa.

Alilifunga bomba. "Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Hukusahau, mzee. Nilisema uongo. Nisamehe."

"Mke wangu alishaanza kunihesabia dawa," alisema. "Anadhani akili imeanza kuniruka." Akakamua kitambaa taratibu. "Nimekusamehe. Ila nenda ukamwambie na yeye."

Nilikwenda jioni ileile. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha uji, nami nikaunywa huku siwezi kuinua uso. Barua ya onyo kutoka kwa meneja ilinifikia wiki ya pili. Mzee Linus aliendelea kuniita mwanangu, lakini tangu hapo stakabadhi zake alizipiga picha mwenyewe, saa nne asubuhi, dirishani, moja moja. Kamera alifundishwa na mtunza stoo.